Ukurasa Mmoja wa "Usicheke"

Tangazo lote lilikuwa na mistari kumi na moja, na Shemeji alisoma mmoja: ule uliosema kwamba jukwaa kubwa la video linatafuta tamthilia fupi za mtandaoni. Hapo hapo akaifunika simu mezani, akazunguka na kiti chake mzunguko mzima, akatangaza kwamba kampuni imeingia ligi ya wakubwa.

Kampuni yenyewe ilikuwa chumba kimoja, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Ilikuwa na kamera mbili, taa tatu ambazo moja huwaka ikijisikia, na ukuta mzima wa picha za maharusi, kwa kuwa tangu izaliwe haijawahi kurekodi kitu kingine zaidi ya watu wanaooana. Mlangoni palibandikwa "Mtayarishaji Mkuu". Mtayarishaji mdogo hakuwepo. Hata wa kati hakuwepo.

"Mdogo wetu," alisema Shemeji, "ile hadithi yako ya kibandani bado unayo?"

Aliyeulizwa alikuwa mdogo wa kike wa mke wake, na watu wote walimwita Kiwembe. Jina hilo alibandikwa shuleni kwa ajili ya ulimi, na hakuwahi kufanya juhudi yoyote ya kulibandua. Alikuwa na cheti cha kidato cha nne, miaka minne ya kupiga picha za pasipoti kwenye kibanda kinachotazamana na ofisi ya uhamiaji, na hadithi moja aliyoiandika kwenye madaftari matatu saa ambazo wateja hawakuwepo. Kampuni hakuwa nayo. Na mstari wa nne wa tangazo, ambao Shemeji hakuufikia lakini yeye aliusoma mara ishirini, ulisema jukwaa halipokei kazi ya mtu binafsi. Lazima ije kupitia kampuni iliyosajiliwa. Ndiyo maana alikuwa amekaa pale, chini ya bibi harusi aliyekodoa macho, akimtazama shemeji yake kama msafiri anavyotazama choo cha stendi. Hukipendi, lakini ndicho kilichopo.

"Ninayo," alisema. "Kwa sharti moja. Pale penye mbunifu na mwandishi, jina ni langu."

"Shem! Hilo nalo la kusema? Sisi si familia?"

Kwenye sofa, mtu wa tatu alicheka. Huyo alikuwa mwongozaji, rafiki wa Shemeji tangu utotoni, na jina lake la kazi lilikuwa Droni. Aliwahi kununua kamera moja ya kuruka, na tangu siku hiyo hapakuwa na harusi, kikao wala hitma ambayo hakuirekodi kutoka angani. Mama mmoja alipoomba video ya ubatizo wa mwanawe, alipewa dakika arobaini za mabati.

"Hadithi inahusu nini?" aliuliza Droni, macho kwenye simu.

"Mpiga picha za pasipoti. Yuko ndani ya kibanda, wateja wanakuja."

"Ndani?" Droni alinyanyua kichwa kwa mara ya kwanza. "Yote iko ndani?"

"Yote iko ndani."

"Sasa tutarusha nini?"

Kiwembe alimtazama kwa huruma aliyokuwa ameiwekea wateja wanaouliza kama wanaweza kupigwa picha ya pasipoti wakiwa wamevaa miwani ya jua.

*

Ukurasa mmoja. Hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Jukwaa halikutaka madaftari matatu, wala vipindi vilivyokamilika, wala video ya majaribio. Lilitaka karatasi moja, herufi saizi kumi na mbili, na ndani yake kila kitu: jina, aina ya hadithi, idadi ya vipindi na urefu wake, kiini kwa sentensi moja, wahusika wakuu, hadithi ya msimu mzima tangu mwanzo mpaka mwisho, walengwa, sababu ya kuifanya sasa, na timu. Maneno "mpaka mwisho" yalikuwa yamekolezwa wino. Aliyeyakoleza bila shaka alikuwa ameshachoka na watu.

Kiwembe aliuandika ukurasa ule kibandani kwa siku tatu, kati ya mteja na mteja. "Kaa wima. Masikio yaonekane. Usicheke." Bonyeza. Halafu anachapisha picha, anazikata, anazitia kwenye bahasha ndogo, anaandika jina la mteja juu yake, anarudi kwenye sentensi. Siku ya kwanza alikuwa na kurasa nne. Siku ya pili aliwafukuza wahusika watano, akiwemo mwuza vocha aliyempenda sana, akabaki na mbili. Siku ya tatu aligundua kwamba sentensi inayoeleza vile mhusika anavyojisikia inaweza kung'olewa yote kama sentensi inayofuata inaonyesha anachofanya, na ukurasa ukaingia.

Hadithi iliitwa "Usicheke". Vipindi nane, dakika kumi kila kimoja, karibu yote mahali pamoja. Kiini chake kilisema: "Mpiga picha za pasipoti anayejivunia kutomwuliza mteja swali lolote anagundua kwamba mwanamume mmoja amepigwa picha kwake mara tatu kwa majina matatu, na jina la tatu ni la kaka yake yeye mpiga picha, aliyekufa." Hiyo sentensi aliipenda kama unavyopenda kiatu kinachokutosha. Lakini nyingine aliipenda kama mtoto. Ilikuwa pale penye sababu, na ilimchukua adhuhuri nzima: "Hadithi hii ni kioo cha jamii, kinachotuonyesha nyuso tunazozificha." Aliisoma kwa sauti mpaka mteja mmoja akamwuliza anasali dini gani.

Chini, mstari wa timu: Mbunifu na mwandishi, yeye. Mtayarishaji, Shemeji. Mwongozaji, Droni.

Akaupeleka ukurasa ofisini Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho wa kupokea. Jumamosi, akiwa kwa dada yake, akaona kilichotumwa.

Kwanza alidhani simu ya dada yake ina matatizo, kwa jinsi maandishi yalivyokuwa madogo. Shemeji alikuwa amezipunguza herufi mpaka saizi saba na kuzibana pambizo hadi maneno yakawa yananing'inia ukingoni mwa karatasi, ili apate nafasi ya historia ya kampuni tangu harusi ya kwanza. Aina ya hadithi, iliyokuwa drama yenye ucheshi mkavu, sasa ilikuwa "Drama/Vichekesho/Mapigano/Mapenzi/Elimu". Walengwa walikuwa "watu wote, kuanzia watoto hadi wazee, wa dunia nzima". Katika kipindi cha pili palikuwa na gari linaloanguka korongoni, lililorekodiwa kutoka juu. Na mwisho wa hadithi, zile sentensi nne alizozifanyia kazi asubuhi nzima, haukuwepo. Mahali pake paliandikwa: "Je, mpiga picha atafanya nini??? Mwisho wake utakuacha mdomo wazi!!!"

Akashuka mpaka kwenye timu. Mbunifu, mwandishi na mtayarishaji mkuu: Shemeji. Mwongozaji: Droni. Msaidizi wa uzalishaji: yeye.

"Shemeji," alisema, kwa sauti ya upole ambayo dada yake aliijua, na dada mtu akaondoa glasi mezani. "Mwisho uko wapi?"

"Nimeuficha," alisema Shemeji, akitafuna. "Wewe bado mdogo, hujui hawa watu. Ukiwapa mwisho wameshakuibia. Wanakuambia hujachaguliwa, mwezi unaofuata unaiona hewani. Ukiwaficha, watatuita. Watatuita ili wajue!"

"Wameandika wanautaka."

"Ndiyo ujue ni wezi."

"Na jina langu?"

Shemeji alikunywa maji kwanza. "Shem, nafasi ilikuwa finyu. Halafu hawa watu wanaangalia uzoefu. Ukiweka mtu wa kibandani pale juu, wanatushusha thamani. Tukishapata, tutakaa, tutapangana. Haraka ya nini? Sisi ni familia."

Kiwembe alimfuata dada yake jikoni.

"Mvumilie," alisema dada mtu, akisugua sufuria ambayo haikuwa na kosa. "Ndivyo alivyo."

"Dada, ameniibia."

"Najua." Akageuka. "Lakini mimi ndiye niliyeolewa naye, mdogo wangu. Wewe kakuchukulia ukurasa mmoja tu."

Kiwembe akachukua kitambaa, akaanza kufuta vyombo, akimhurumia dada yake na kumdharau mumewe kwa viwango sawa.

*

Baada ya wiki mbili wakaitwa. Shemeji alipiga kelele mpaka mwuza vipuri wa chini akapanda kuuliza kama kuna moto. "Si nilisema? Si nilisema watatuita wajue mwisho?" Droni akamkumbatia. Kiwembe, ambaye sasa akili zake zilikuwa zimekorogeka, alikaa akijiuliza kama inawezekana mpumbavu akapatia.

Barua ya mwaliko ilisema watapewa dakika kumi za kuinadi hadithi mbele ya mhariri wa vipindi, na waje na mpangilio wa watakayosema. Kazi hiyo nayo akatupiwa Msaidizi wa Uzalishaji. Aliiandika vizuri, kwa sababu hakujua kuandika vibaya hata akiwa na kinyongo. Dakika ya kwanza: mteja anaingia kibandani kwa mara ya tatu, sema jina lililoandikwa kwenye bahasha, nyamaza. Dakika ya pili hadi ya nne: mpiga picha ni nani, sheria yake ni ipi, kwa nini hii inamvunja. Ya tano hadi ya saba: msimu, kipindi kwa kipindi, kwa kifupi. Ya nane: nani atatazama, na atatazamia wapi, watu wenye simu mkononi wakiwa kwenye foleni, kwa mfano. Ya tisa: mahali pamoja, waigizaji wachache, siku ngapi za kurekodi. Ya kumi: tunaomba nini. Pale kwenye dakika ya saba aliandika "mwisho" na kuacha wazi, kwa makusudi, akisubiri mtu amwulize.

Hakuna aliyemwuliza. Hapo ndipo alipoanza kuelewa kitu, akakitazama kikikua kama mtu anavyotazama maziwa yakipanda jikoni. Shemeji alikuwa ameufuta mwisho bila kuusoma. Alipoona "mpaka mwisho" aliruka moja kwa moja kwenda kufuta. Madaftari hakuwahi kuyafungua. Alikuwa ameificha siri asiyoijua.

Kiwembe akapiga pasi shati lake.

*

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, kiyoyozi kilichowekwa kwa ajili ya samaki, na mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Huyo ndiye mhariri wa vipindi. Mbele yake alikuwa na rundo la karatasi, kalamu nyekundu, na simu iliyowashwa saa ya kuhesabu dakika. Hakusimama, hakutabasamu. Alikuwa na uso wa mtu aliyeahidiwa maajabu tangu saa mbili asubuhi.

"Dakika kumi," alisema, akabonyeza.

Kiwembe alikaa mwisho wa meza nyuma ya leptopu, kazi yake ikiwa kubadilisha picha kwenye ukuta kila Shemeji akipiga kidole. Shemeji alikuwa amevaa suti ya harusi, ya kwake mwenyewe. Mpangilio wa dakika alikuwa ameuacha kwenye gari.

"Mheshimiwa mama," alianza, "kampuni yetu ilianzishwa..."

Alipofika harusi ya kumi na nane, dakika nne zilikuwa zimekwenda. Droni akadakia na kueleza faida za kurekodi kutoka juu, akitumia mikono miwili kuigiza ndege. Dakika sita. Shemeji akarudi, akasema hadithi hii itawagusa vijana, wazee, wakulima, madaktari, na pia ina mafunzo. Mhariri aliinua kalamu kidogo tu, kama mtu anayefukuza inzi ambaye hamstahili.

"Bwana. Nimesoma kurasa mia nne na kumi. Nimeita watu kumi na wawili. Unajua kwa nini nimekuita?"

"Kwa sababu ya mwisho!" alisema Shemeji, uso ukimng'aa.

"Kwa sababu ya sentensi moja." Akavaa miwani, akauinua ukurasa karibu na pua, maana saizi saba haina heshima kwa macho ya mtu. "'Mpiga picha za pasipoti anayejivunia kutomwuliza mteja swali lolote.' Hii. Mengine yote uliyoandika hapa ni takataka. Sasa niambie. Inaishaje?"

Shemeji akacheka kidogo. "Mama, hiyo ni siri ya..."

"Siri kwa nani? Mimi ndiye ninayeinunua. Fundi akikujengea nyumba anakuficha paa?"

Saa ilikuwa inakimbia mezani. Shemeji akamtazama Droni. Droni akatazama dari, mahali alipozoea kupata mawazo.

"Kuna mlipuko," alisema Droni.

"Ndiyo," alidaka Shemeji, akipata pumzi. "Kuna mlipuko. Pale ofisini. Halafu yule mwanamume, kumbe, kumbe ni pacha."

"Pacha wa nani?"

"Wa... wa mpiga picha."

"Mpiga picha ni mwanamke."

"Pacha tofauti," alisema Shemeji, jasho likimtoka kwenye chumba cha samaki. "Halafu anamkimbiza. Kwa helikopta. Anamkamata, halafu anazinduka, kumbe yote ilikuwa ndoto!"

Kiwembe alijitahidi, jamani. Aliuma mdomo, akakodolea kibodi, akafikiria misiba. Kwa miaka minne aliwaambia watu wasicheke na walimtii hata watoto wa chekechea. Lakini pale kwenye helikopta kitu kilimponyoka puani, na kabla hajakikamata akacheka, kicheko kirefu cha kupiga meza, kilichorudi kutoka kwenye vioo vya chumba kizima.

Shemeji akamgeukia na macho ya kumla mbichi. "Mama, samahani. Huyu ni msaidizi tu, wa kompyuta."

Mhariri akaisimamisha saa. "Binti. Unacheka nini?"

Kiwembe alifuta machozi. Aliijua njia panda iliyokuwa mbele yake. Akisema mwisho, anauingiza kwenye ukurasa wenye jina la mtu mwingine, na hatauona tena. Akinyamaza, "Usicheke" inafia hapa, imefunikwa na helikopta.

"Nacheka kwa sababu huo si mwisho," alisema. "Lakini mwisho anaulizwa mwandishi."

"Ukurasa unasema mwandishi ni huyu bwana."

"Basi umeshamwuliza."

Mdomo wa yule mama ulisogea upande mmoja. Kwa watu wa aina yake hicho kilikuwa kicheko kizima.

"Kampuni ina mkataba wa haki na mwandishi?" alimwuliza Shemeji. "Karatasi iliyosainiwa, inayoonyesha hadithi ni ya nani na nani ameiruhusu kampuni kuitumia? Bila hiyo sigusi kitu. Wanasheria wangu watanitoa roho."

"Mama, huyu ni shemeji yangu. Mdogo wa mke wangu kabisa. Sisi ni familia."

"Nimekuuliza mkataba, bwana, sijakuuliza ukoo."

Droni alikuwa ameanza kusogeza kiti chake taratibu kutoka kwa rafiki yake, kama vile upumbavu unaambukiza na yeye hajapata bado.

"Hakuna mkataba," alisema Kiwembe. "Kuna madaftari matatu. Yako kwangu, na mwandiko ni wangu."

"Na mwisho?"

"Upo kwenye daftari la tatu." Akaifunga leptopu. "Yule mwanamume anakuja mara ya nne. Ana haraka, dirisha la uhamiaji linakaribia kufungwa. Mpiga picha anavunja desturi ila haulizi swali. Anamchekesha. Tunamwona yule mtu akicheka kwa mara ya kwanza, na ana sura nzuri akicheka, hilo ndilo linaloumiza. Anabonyeza meno yakiwa nje. Anachapisha, anatia kwenye bahasha, anaandika jina la kaka yake. Yule mtu hafungui bahasha, kwa sababu mara tatu zote mpiga picha hakuwahi kukosea. Anavuka barabara. Na karani wa dirishani huwa hazitazami sura ambazo picha zake hazina kosa. Hii ina kosa. Kwa hiyo anaitazama. Anamtazama na mwenyewe. Sisi tumebaki kibandani, hatusikii kitu. Tunaona tu karani anasimama kutoka kitini."

"Halafu?"

"Basi. Anasimama."

Mhariri alikuwa ameshusha kalamu.

"Hiyo kwa nini haipo hapa?" aliuliza, akigonga karatasi.

"Ilifutwa. Waliogopa mtaiba."

"Tutaiba!" Mama aliitamka silaba kwa silaba, akimtazama Shemeji kama mtu anayechunguza kilichokwama kwenye soli ya kiatu. "Bwana, nina kabati mbili zimejaa hadithi zinazoanza vizuri. Hakuna hata mmoja anayejua zinakwendaje. Mwaka mzima naomba watu waniandikie mwisho, na wewe umepewa mwisho, ukaufuta, ukaweka alama tatu za kuuliza."

Halafu akauvuta ukurasa, akaanza kuupigia mistari myekundu. Historia ya kampuni, chini. Korongo, chini. Dunia nzima, chini. Kiwembe alikuwa anastarehe kama mtu anayekunwa mgongo. Kalamu ikasimama.

"Na hii? 'Kioo cha jamii, kinachotuonyesha nyuso tunazozificha.' Hii ya nani?"

Shemeji, ambaye hatimaye alipata kitu cha kusema kweli, alinyoosha kidole. "Hiyo ni ya kwake!"

Ingekuwa rahisi kukana. Kiwembe alihisi masikio yakimwaka. "Ni yangu."

"Nimeiona mara arobaini wiki hii. Kila mtu ana kioo. Hamna nyumba za kujitazamia?" Mstari mwekundu ukapita juu ya mtoto wake wa adhuhuri nzima. "Usinieleze hadithi ina maana gani. Nimesoma, nina akili."

"Sawa, mama," alisema Kiwembe, na kwa mara ya kwanza tangu tangazo litoke, ukali wake wote haukuwa na pa kwenda ila kwake mwenyewe. Haikuwa raha. Alitambua pia kwamba yule mama alikuwa amesema kweli, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kesho saa sita mchana," alisema mhariri, akiianza saa upya kwa ajili ya wanaofuata. "Ukurasa mmoja. Saizi kumi na mbili. Mwisho uwemo. Jina la mwandishi liwe la mwandishi, na mkataba wa haki umesainiwa na pande mbili. Bila hayo msirudi. Kampuni ikiwashinda, binti, zipo kampuni nyingine."

Neno "nyingine" lilimfanya Shemeji ameze mate yakasikika.

*

Walikaa kwenye ngazi za jengo. Jua lilikuwa kali, watu wakipanda na kushuka wakiwazunguka kama wanavyoizunguka ndoo ya fundi bomba. Kiwembe aliweka leptopu magotini, akafungua ukurasa wa zamani, ule wake.

"Shem," alianza Shemeji, na sauti ilikuwa ya mtu aliyetolewa upepo. "Unajua mimi nilikuwa na nia nzuri."

"Najua. Helikopta ilikuwa na nia nzuri pia."

Droni alikoroma kicheko, akatazamwa, akakiziba.

Kiwembe aliandika. Akarudisha mwisho, akaupunguza maneno kumi na moja, na ukawa mzuri zaidi. Pale palipokuwa na kioo aliweka: "Kila wiki watu mia tatu hukaa mbele ya kamera hii wakakatazwa kucheka. Hakuna anayewauliza wanakwenda wapi." Akaisoma. Haikueleza maana yoyote, ila ilikuwa kweli. Akaiacha.

Halafu akateremka kwenye timu, akaandika jina lake lote, lile la kwenye cheti, penye mbunifu na mwandishi. Aliliangalia kidogo. Jina la kawaida tu, lakini lilikaa pale kama mtu aliyefika kwake.

Chini yake ukurasa ulikuwa umebakiza mstari mmoja mtupu.

"Hapo niweke mimi, Mtayarishaji Mkuu," alisema Shemeji, akiinama kuchungulia.

"Mkuu haliingii. Mtayarishaji."

"Sawa. Mtayarishaji. Halafu chini yangu Droni. Na mstari mmoja wa kampuni, ule wa tuzo ya video bora ya harusi."

"Mstari umebaki mmoja, Shemeji."

"Mbona rahisi." Akanyoosha kidole kwenye kioo cha leptopu. "Punguza herufi."

Kiwembe aligeuza kichwa, akamtazama shemeji yake taratibu, kuanzia suti ya harusi hadi kwenye viatu, kisha akarudi juu. Akamtazama na Droni, ambaye alikuwa tayari ametoa simu ili atafute picha yake nzuri. Akavuta pumzi kama anayejiandaa kusema jambo refu. Akasema fupi.

"Zikae kumi na mbili," alisema. "Chagueni mmoja."

Na akawaacha pale kwenye ngazi, mtayarishaji na mwongozaji, wakianza kugombana nani kati yao ndiye mstari, wakati yeye anakwenda kutafuta mahali pa kuchapisha mkataba.